Mafunzo Niliyopata Nikiuza Opsheni za New York Kutoka Buruburu

Vijana wanaonitembelea Jumamosi, wengine kutoka Umoja, wengine Donholm na Kayole, hufika wakijua mengi. Wengi wamepitia forex, wachache wameonja fyucha za soko la NEXT lililofunguliwa na Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2019, na karibu wote wanajua kuuza puti kwenye hisa za Marekani. Wanachokosa ni jibu la swali moja: ukishauza, unatoka lini na kwa sababu gani?

Swali hilo lilinichukua muda mrefu kulijibu, kwa hiyo naliandika hapa kama ninavyolieleza mezani kwangu. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme kuna hisa inayouzwa dola 50. Unauza puti ya dola 46 yenye siku 45 kabla ya kuisha, nawe unalipwa senti 80 kwa kila hisa. Mkataba mmoja ni hisa 100, basi unapokea dola 80. Kwa malipo hayo umeahidi kununua hisa 100 kwa dola 46 kila moja iwapo aliyenunua puti ataamua kukuuzia. Ikiwa unatumia pesa zako taslimu bila mkopo wa broka, dola 4,600 zinafungwa kama dhamana, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni kama shilingi 593,000. Dola 80 ndizo faida yako ya juu kabisa, hata hisa ikipaa hadi 100. Hasara haina mpaka wa karibu kama huo. Kanuni zote zinazofuata zinatokana na tofauti hiyo.

1. Agizo la kutoka huwekwa siku ile ile ya kuuza

Nilipoanza nilidhani kazi ya muuzaji ni kusubiri. Umeuza kwa senti 80, unakaa hadi mkataba ufe, unabaki na senti zote. Kilichonishangaza ni jinsi nusu ya kwanza ya faida inavyokuja mapema, na jinsi nusu ya pili inavyojivuta.

Rudi kwenye mfano. Siku 18 zimepita, hisa imesogea kidogo tu hadi dola 50 na nusu. Puti uliyoiuza kwa senti 80 sasa inaweza kununuliwa kwa takriban senti 40. Umepata dola 40 kwa siku 18, yaani zaidi kidogo ya dola mbili kwa siku. Zimebaki dola 40 nyingine, ila zimetawanyika katika siku 27, chini ya dola moja na nusu kwa siku. Dhamana ni ile ile ya dola 4,600, na hatari ni ile ile: hisa ikianguka kesho, utawajibika kwa ahadi nzima, si kwa nusu yake. Ukifunga hapo, dhamana inafunguka na unaweza kuuza mkataba mpya wenye siku 45 unaolipa malipo kamili.

Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza ni kununua puti irudi ikifika nusu ya bei niliyouzia. Siingoji nikiwa macho. Dakika chache baada ya kuuza naweka agizo la kununua kwa senti 40, la aina ambayo broka huandika GTC, yaani linabaki hai hadi litimie au nilifute. Lisipowekwa GTC litafutwa soko likifungwa siku hiyo hiyo, na mwenyewe utadhani liko kazini.

Kwetu jambo hili lina uzito wake wa pekee kwa sababu ya saa. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni yetu kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, na hufungwa saa tano usiku. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma, kila kitu kinasogea mbele: saa kumi na moja na nusu hadi saa sita usiku. Hizo ndizo saa za kukwama Outering Road, za kupitia Mutindwa kununua mboga, za kuangalia watoto wakifanya homuwaki. Agizo lililowekwa mapema linakaa kwa broka, halikai kwenye simu yako. Bei ikigusa senti 40 wakati uko ndani ya matatu, linatimia bila wewe.

Kuna mahali kanuni hii haifai. Mtu akiuza puti ya senti 15, nusu yake ni dola saba na nusu kwa mkataba. Mabroka wengi hutoza takriban senti 65 kila unapoingia na kila unapotoka. Juu ya hapo kuna pengo kati ya bei ya anayenunua na bei ya anayeuza. Likiwa senti tano, limekula dola tano. Unabaki na kitu kisichofika dola mbili, baada ya kufunga maelfu ya dola kama dhamana. Dawa si kubadilisha kanuni. Mikataba ya namna hiyo usiiuze kabisa.

2. Siku 21 zikibaki, kaa chini uamue

Namba hii haina uchawi. Wengi wetu tuliisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa watu wa tastytrade, kituo cha Chicago alichoanzisha Tom Sosnoff na wenzake mwaka 2011. Wao hupendekeza kuuza mkataba wenye takriban siku 45, kufunga kwenye nusu ya faida, na kuondoka au kusogeza siku 21 zikibaki. Ukifanya siku 20 au 23 hakuna kitakachoharibika. Jambo la maana ni kuelewa kwa nini kuna mpaka hapo.

Sababu inaitwa gama. Delta hukuambia bei ya opsheni itabadilika kwa kiasi gani hisa ikisogea dola moja. Gama hukuambia delta yenyewe itabadilika kwa kiasi gani. Chukua hisa yetu ikiwa imeshuka hadi dola 46, yaani sawasawa na bei ya ahadi. Siku 45 zikibaki, hisa ikishuka dola moja, delta inaongezeka kwa takriban 0.07. Siku 21 zikibaki, inaongezeka kwa 0.10. Siku tano zikibaki, inaongezeka kwa 0.21, mara tatu ya mwanzo. Maana yake ni kwamba wiki ya mwisho mwendo mdogo wa hisa unageuza mkataba uliotulia kuwa mkataba unaokimbia, na muda wa kusahihisha haupo tena.

Niliona jambo hili kwa macho yangu Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023. Jirani yangu kijana alikuwa ameuza puti ya dola 30 iliyokuwa inaisha usiku huo huo. Hisa ilikuwa dola 30 na senti 10, naye alikuwa ameamua kubaki na senti za mwisho. Ilipokaribia saa nne kasorobo usiku stima ilipotea, si Buruburu peke yake, bali karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia gizani. Soko la New York lilikuwa na saa moja na robo kabla ya kufungwa. Alikuja kwangu na simu yenye chaji asilimia tisa, mtandao ukija na kupotea, tukatazama bei inavyovuka 30 kwenda chini na kurudi juu.

Soko lilifungwa hisa ikiwa senti nne juu ya 30. Akashusha pumzi. Ilinibidi nimweleze kwamba bado. Aliyeshika puti ana haki ya kuamua hadi saa kumi na moja na nusu jioni ya New York, ambayo kwetu ilikuwa saa sita na nusu usiku, na hisa huendelea kuuzwa baada ya kengele. Ikishuka chini ya 30 katika muda huo, anaweza kumwachia hisa 100 ilhali puti ilionekana kufa bila thamani. Jumamosi mchana, stima iliporudi, alikuta hisa 100 kwenye akaunti yake. Hakuwa na la kufanya hadi Jumatatu jioni. Alikuwa amebakiwa na dola nne tu za kupata katika mkataba ule.

Ni haki pia niseme kanuni hii inagharimu nini. Kwa mkataba ambao bei yake ya ahadi iko karibu na bei ya hisa, siku za mwisho ndizo thamani ya muda huyeyuka kwa kasi zaidi. Ukiondoka siku ya 21 unaacha kasi hiyo mezani. Sikuahidi kwamba utapata jumla kubwa zaidi kwa kuondoka mapema. Unachopata ni akaunti isiyorukaruka, na kwa mtu ambaye dhamana yake ni akiba ya ada na kodi ya nyumba, hilo lina thamani. Kanuni hii pia haihusu mikataba ya wiki moja. Mkataba unaozaliwa na siku saba umeanza maisha yake ndani ya eneo ambalo kanuni inakukataza kuingia.

Siku 21 zikifika, mkataba ukiwa na faida yoyote, hata isiyofika nusu, naufunga. Ukiwa na hasara, kuna uamuzi wa kufanya, na hapo ndipo watu wanapoteleza.

3. Kusogeza ni kukubali hasara na kuuza upya

Kijana mmoja wa Umoja aliniuliza akiwa na imani kamili: "Mzee, si nikisogeza hasara inaisha?" Nilimwomba daftari lake tukafanya hesabu pamoja, na naifanya hapa tena kwa sababu sijaona njia bora ya kulieleza.

Hisa yetu imeanguka hadi dola 44. Zimebaki siku 21. Wasiwasi umepanda sokoni, kwa hiyo opsheni zote zimekuwa ghali, na ile puti ya dola 46 uliyouza kwa senti 80 sasa inauzwa dola 2.80. Kusogeza maana yake ni kununua puti hii irudi na wakati huo huo kuuza nyingine ya mwezi unaofuata. Ukishaifunga ya kwanza, umepoteza dola mbili kwa kila hisa, yaani dola 200 kwa mkataba. Taarifa ya broka itaandika hivyo, na ni kweli. Hakuna kilichofutika.

Sasa tazama unachouza. Puti ya dola 46 yenye siku 49 inalipa takriban dola 3.55. Ukilipa 2.80 na kupokea 3.55, unabaki na senti 75 za ziada. Ukijumlisha na senti 80 za mwanzo, umepokea dola 1.55 kwa jumla, kwa hiyo utaanza kupoteza hisa ikiwa chini ya 44.45. Kabla ya kusogeza mpaka huo ulikuwa 45.20.

Puti ya dola 45 yenye siku hizo hizo 49 inalipa takriban dola tatu. Ziada ni senti 20 tu, kitu kinachoonekana kidogo, na kijana wangu alikipita haraka. Lakini umeteremsha ahadi yako kwa dola nzima. Jumla uliyopokea ni dola moja, ahadi ni 45, kwa hiyo mpaka wako ni dola 44 kamili. Uko chini kuliko njia ya kwanza kwa senti 45, na hisa iko pale pale kwenye 44. Alinyamaza akarudia hesabu mwenyewe mara mbili. Mtu anayevutwa na malipo makubwa huchagua 46. Anayetaka nafasi ya kupumua huchagua 45.

Kwa hiyo kabla sijasogeza najiuliza mambo mawili. La kwanza: je, napokea ziada, hata ndogo, baada ya ada za pande zote mbili? Kama ni lazima niongeze pesa ili kununua muda, sisogezi. Ukilipa ili ubaki kwenye mkataba mbaya kwa bei ile ile ya ahadi, umeongeza hasara ya juu kabisa unayoweza kupata. La pili ni gumu zaidi: kama leo ningekuwa sina chochote kwenye hisa hii, je, ningeuza puti hii mpya kwa bei hii? Ikiwa kampuni imeshuka kwa sababu soko zima limeshuka, huenda jibu ni ndiyo. Ikiwa imeshuka kwa sababu imetangaza mauzo mabaya au madeni yake yamefichuka, jibu ni hapana, na senti 75 hazibadilishi jibu hilo. Natazama pia kalenda. Ikiwa siku 49 zinavuka tarehe ya kampuni kutangaza matokeo ya robo mwaka, zile dola tatu zimenona kwa sababu hiyo, na ninajua nimelipwa kubeba tangazo.

Namna ya kuweka agizo nayo ina uzito. Weka kununua na kuuza kama agizo moja, lenye bei ya chini ya ziada utakayokubali. Ukifunga kwanza kisha uende kuuza, hisa inaweza kuruka katikati ukabaki umelipa bila kupokea.

Usikimbilie dakika za kwanza za soko pia. Jumatatu ya 5 Agosti 2024 masoko ya dunia yalitikisika. Kipimo cha wasiwasi kiitwacho VIX kilipanda juu ya 65 kabla ya soko kufunguliwa, kikafunga siku karibu 38. Saa kumi na nusu jioni puti niliyokuwa nayo ilionyesha anayenunua yuko dola 1.20 na anayeuza yuko dola 3.00. Baada ya nusu saa hivi pengo lilikuwa 1.70 kwa 1.85. Aliyesogeza mara kengele ilipolia alilipa hofu ya dakika chache. Aliyekunywa chai kwanza alikuta bei inayosomeka.

Nasogeza mara moja tu kwa kila mkataba. Siku 21 zikifika tena na bado niko kwenye hasara, nafunga. Nimeona watu wakisogeza kutoka Machi hadi Agosti, kila mwezi wakipokea senti chache, huku dhamana yao ikifungwa kwenye hisa moja iliyokuwa inazama taratibu. Kila hatua peke yake ilionekana ya busara. Hakuna aliyejumlisha.

4. Dalili za mkataba usiosogezeka

Tuseme hisa haikusimama 44 bali imeporomoka hadi 38. Puti ya dola 46 sasa ni dola 8.05. Katika hizo, dola nane ni tofauti ya wazi kati ya 46 na 38. Thamani ya muda ni senti tano peke yake. Hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta: muda ukibaki na thamani ya senti chache, hakuna cha kusogeza. Mwezi unaofuata utakulipa ziada ndogo kwa bei ile ile ya 46, na kwa kuwa mikataba iliyozama hivi ina pengo kubwa la bei, ziada hiyo humezwa kabla haijakufikia. Ukitaka kushuka hadi 44 itabidi ulipe.

Dalili hiyo ina maana ya pili. Opsheni za hisa za Marekani zinaweza kutekelezwa siku yoyote kabla ya kuisha. Mwenye puti asiyepoteza thamani ya muda ana sababu ya kukuachia hisa mapema ili apokee pesa zake na riba yake sasa. Kwa waliouza koli, siku ya kuangalia ni ile iliyo kabla ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio: koli ikiwa ndani na thamani yake ya muda ikiwa chini ya gawio, tarajia kuchukuliwa hisa usiku huo.

Unabaki na njia mbili. Unaweza kufunga kwa 8.05, na kwa kuwa ulipokea senti 80, hasara ni dola 725 kwa mkataba. Au unaweza kupokea hisa 100 kwa dola 46, zikugharimu 45.20 baada ya kutoa malipo yako, wakati sokoni ziko 38. Hasara ya leo ni karibu sawa kwa njia zote mbili. Kinachotofautisha ni kama unataka kuwa mwenye hisa za kampuni hiyo kuanzia kesho asubuhi, kwa 38, kwa pesa zako zote za dhamana.

Ukichagua kuzipokea, wengi watakushauri uuze koli juu yake upunguze maumivu. Ni sawa, ila angalia bei ya ahadi. Koli ya dola 40 italipa vizuri kwa sababu iko karibu, lakini ukilipwa dola 1.20 na hisa ikarudi hadi 47, utalazimika kuziuza kwa 40. Utakuwa umepata 41.20 kwa kitu kilichokugharimu 45.20, na umejifungia hasara ya dola 400 katika mwezi ambao hisa ilikuokoa. Koli ya dola 46 haikufungii hasara hiyo, lakini hisa ikiwa 38 huenda ikalipa senti 15 au 20 tu, na tumeshaona malipo ya namna hiyo yanaliwa na nini. Kwa hiyo huwa nakaa na hisa bila kuuza koli yoyote hadi irudi kwenye 42 au 43, ambapo koli ya 46 yenye siku 45 huanza kulipa kitu cha maana. Nikishaiuza, naweka agizo la GTC la nusu ya bei usiku huo huo na kuandika tarehe ya siku ya 21 kwenye kalenda ya ukutani, karibu na tarehe za ada za shule.